mAP50 au mAP50-95, na NMS ya 0.5 au 0.7: namna ya kuchagua

Ukishafundisha modeli ya kutambua vitu kwenye picha, skrini hukupa namba mbili ambazo mara nyingi hazifanani kabisa: mAP50 inasema 0.69, mAP50-95 inasema 0.36. Modeli ni ileile na picha ni zilezile. Halafu unapoipeleka kazini unaombwa namba nyingine inayoitwa `iou`, na nayo inafanana sana na ile 0.5 uliyoiona kwenye kipimo. Wengi hudhani ni kitu kimoja, wakizungusha kitufe cha upande huu wakitarajia matokeo ya upande ule.

Ni vitu viwili. IoU ni kipimo kimoja cha jinsi visanduku viwili vinavyolaliana, lakini hutumika sehemu mbili tofauti. Kwenye NMS, hatua ya kufuta visanduku vinavyorudia kitu kimoja, kisanduku cha modeli hulinganishwa na kisanduku kingine cha modeli hiyohiyo, ili kuamua kama vyote viwili vinazungumzia kitu kimoja. Kwenye mAP, kisanduku cha modeli hulinganishwa na kisanduku kilichochorwa na mtu aliyeweka lebo, ili kuamua kama jibu ni sahihi. Kila sehemu ina kizingiti chake, na kila kizingiti kina sababu zake za kupanda au kushuka.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho: picha za kijiwe cha bodaboda, pikipiki zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, na tunataka kujua zipo ngapi.

Kwanza IoU yenyewe, kwa pikseli

Chukua eneo ambalo visanduku viwili vinalaliana, ligawe kwa eneo lote ambalo viwili hivyo kwa pamoja vimefunika. Vikifanana kabisa unapata 1, visipogusana unapata 0.

Kisanduku cha lebo kinaanza pikseli (100, 100) na kuishia (200, 200). Eneo lake ni 10,000. Modeli imechora chake kutoka (110, 110) hadi (210, 210), yaani kimesogea pikseli 10 kulia na 10 chini. Panapolaliana ni 90 kwa 90, sawa na 8,100. Eneo la pamoja ni 10,000 jumlisha 10,000 toa 8,100, kwa sababu sehemu inayolaliana isihesabiwe mara mbili: 11,900. IoU ni 8,100 ÷ 11,900, yaani 0.68.

Ukitazama kwa macho, kisanduku hicho kinaonekana kizuri tu. Watu hushtuka wanapoona kimepata 0.68 badala ya 0.9. Kisogeze pikseli 20 kulia na 20 chini na IoU inaanguka hadi 6,400 ÷ 13,600, yaani 0.47. Tayari kimekosa kizingiti cha 0.5, na bado mtu yeyote akiulizwa atasema kimeshika pikipiki. Kwa hiyo 0.5 si kizingiti cha kizembe kama jina lake linavyoweza kukudanganya, na 0.9 ni kikali mno.

Ukubwa wa kitu nao una neno lake. Chukua kosa dogo la pikseli 4 kulia na 4 chini. Kwenye kisanduku cha pikseli 200 kwa 200, IoU inabaki 0.92. Kwenye kisanduku cha 20 kwa 20, pikseli hizohizo 4 zinaishusha hadi 0.47. Pikipiki ya mbali kwenye picha inahukumiwa kwa kosa ambalo pikipiki ya karibu isingelihisi hata kidogo. Ndiyo maana kipimo cha COCO hutoa namba tofauti kwa vitu vidogo (eneo chini ya pikseli 32 × 32), vya kati (hadi 96 × 96) na vikubwa. Kama vitu vyako vingi ni vidogo, soma mstari wa vidogo kabla ya kusoma mstari wa jumla.

mAP50 na mAP50-95 kwenye karatasi moja

Asili ya mgawanyiko huu ni mashindano mawili. PASCAL VOC, yaliyoendeshwa kuanzia 2005 hadi 2012, yalizoesha watu kizingiti kimoja cha 0.5. COCO, seti ya picha iliyotoka 2014, ikaja na wastani wa vizingiti kumi: 0.50, 0.55, 0.60, na kuendelea kwa hatua ya 0.05 hadi 0.95. mAP50 ni urithi wa kwanza, mAP50-95 ni wa pili.

Tuzihesabu zote kwa mkono. Kijiweni kuna pikipiki 4 za kweli. Modeli imetoa visanduku 5, tumevipanga kwa alama ya uhakika kutoka juu kwenda chini:

| Na. | Uhakika | Imeshika nini | IoU na lebo |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.92 | pikipiki ya kwanza | 0.88 |
| 2 | 0.85 | pikipiki ya pili | 0.72 |
| 3 | 0.74 | genge la matunda | 0 |
| 4 | 0.66 | pikipiki ya tatu | 0.58 |
| 5 | 0.40 | pikipiki ya kwanza, mara ya pili | 0.55 |

Pikipiki ya nne haikuonekana kabisa. Kisanduku cha 5 kina IoU ya 0.55, lakini pikipiki ya kwanza imeshachukuliwa na kisanduku cha 1. Lebo moja hulipa kisanduku kimoja tu, kile chenye uhakika mkubwa zaidi. Kinachofuata kinahesabiwa kosa.

Sasa tunashuka mstari kwa mstari tukiuliza maswali mawili. Kati ya visanduku vilivyotajwa hadi hapa, vingapi ni vya kweli? Huo ndio usahihi. Kati ya pikipiki zote 4 zilizopo, ngapi zimeshapatikana? Huo tuuite upatikanaji. Kwa kizingiti cha 0.5:

Baada ya kisanduku cha 1, usahihi ni 1.0 na upatikanaji 0.25. Baada ya cha 2, usahihi bado ni 1.0 na upatikanaji umefika 0.50. Cha 3 ni kosa, hivyo usahihi unashuka hadi 0.67 na upatikanaji haujasogea. Cha 4 kinapandisha usahihi hadi 0.75 na upatikanaji hadi 0.75. Cha 5 ni kosa tena: usahihi 0.60, upatikanaji palepale.

AP ni eneo chini ya mstari wa namba hizo, baada ya kusawazisha mabonde: kila kiwango cha upatikanaji hupewa usahihi mkubwa zaidi unaopatikana kuanzia hapo kwenda mbele. Hadi upatikanaji wa 0.50 tunapewa 1.0. Kutoka 0.50 hadi 0.75 tunapewa 0.75. Kutoka 0.75 hadi 1.0 hatuna kitu, kwa sababu pikipiki ya nne haikupatikana. Eneo ni 0.50 × 1.0 jumlisha 0.25 × 0.75, yaani 0.6875.

Hiyo ndiyo AP50. Sasa pandisha kizingiti. Kwenye 0.55 hakuna kilichobadilika. Kwenye 0.60 kisanduku cha 4 chenye IoU ya 0.58 kinageuka kosa, zinabaki pikipiki mbili, na AP inakuwa 0.50. Inabaki hivyo kwenye 0.65 na 0.70. Kwenye 0.75 kisanduku cha 2 nacho kinaanguka, AP inakuwa 0.25, na inabaki hivyo kwenye 0.80 na 0.85. Kwenye 0.90 na 0.95 hata kisanduku cha kwanza hakitoshi, hivyo 0. Jumla ya kumi hizo ni 3.625, gawa kwa 10 upate 0.3625.

Kwa hiyo 0.69 na 0.36 zimetoka kwenye visanduku vitano vilevile. Namba ya kwanza imejibu swali la "je, umeipata?" Ya pili imeongeza "umeizungushia kisanduku kwa uangalifu kiasi gani?"

Herufi ndogo "m" iliyo mbele ya AP ni wastani wa aina zote za vitu. Kama modeli inatambua bodaboda kwa AP ya 0.69, bajaji kwa 0.60 na baiskeli kwa 0.21, mAP yake ni 0.50. Kila aina ina uzito sawa, hata kama seti yako ina bodaboda elfu na baiskeli kumi. Baiskeli hizo kumi, ambazo mbili au tatu tu zikikosekana AP yao inayumba vibaya, zinaweza kuipandisha au kuishusha namba ya jumla huku kazi halisi ya kuhesabu bodaboda haijabadilika hata chembe. Soma AP ya kila aina.

Basi uchague ipi?

Kama kazi yako ni kuhesabu, au kujua kitu kipo au hakipo, mAP50 ndiyo inayoendana na swali lako. Mwenye kijiwe hajali kama kisanduku kimekata kioo cha pembeni cha pikipiki. Ukichagua modeli kwa mAP50-95 kwenye kazi ya aina hii, unaweza kuichukua modeli inayochora visanduku vya kubana vizuri lakini inayokosa pikipiki nyingi zaidi, ukaiacha ile inayopata nyingi kwa visanduku vilivyolegea kidogo.

Kama kisanduku kitatumika kufanya kitu kingine, mambo yanageuka. Unakata kisanduku ili usome namba ya usajili ndani yake, unapima upana wa tunda kutoka kwenye picha, au mkono wa mashine unakwenda kushika kitu mahali ambapo kisanduku kimesema. Hapo kosa la pembeni ni kosa la kazi yenyewe. Kisanduku cha namba ya usajili chenye IoU ya 0.6 kinaweza kuwa kimekata herufi ya mwisho. Tumia mAP50-95, na itazame AP75 kando yake, maana hiyo ni kizingiti kimoja unachoweza kukieleza kwa mtu bila kuanza hadithi ya wastani wa vizingiti kumi.

Kuna hali ya tatu ambayo mAP50-95 hupotosha: lebo zako zenyewe zimechorwa ovyo. Watu wawili wakichora pikipiki moja yenye upana wa pikseli 30, mmoja akajumuisha kioo na mwingine akakiacha, visanduku vyao viwili vinaweza kulaliana kwa 0.75 tu. Modeli haiwezi kuwa makini kuliko lebo iliyopewa. Njia ya kulijua hilo ni rahisi: chukua picha 50, mpe mtu mwingine azichore upya bila kuona za kwanza, kisha pima IoU kati ya lebo na lebo. Wastani ukitoka 0.8, ujue kwamba sehemu ya vizingiti vya 0.85 kwenda juu inapima tofauti za mikono ya wachoraji. Haina la kusema kuhusu modeli.

Na usilinganishe namba kutoka programu mbili bila kuuliza eneo limehesabiwaje. Visanduku vyetu vitano, kwa njia ya eneo kamili, vimetoa 0.6875. Kwa njia ya pointi 11 iliyotumika VOC ya 2007 vinatoa 0.6818. Kwa njia ya pointi 101 ya COCO vinatoa 0.6906. Tofauti ni ndogo, ila inatosha kumfanya mtu atangaze kwamba modeli yake "imeboreka" wakati kilichobadilika ni rula.

NMS: 0.5 au 0.7?

Sasa upande wa pili. Modeli haitoi kisanduku kimoja kwa kila pikipiki. Hutoa vingi vilivyorundikana. NMS huchukua chenye uhakika mkubwa kuliko vyote, hukiweka, kisha hufuta kila kinacholaliana nacho kupita kizingiti. Halafu inakwenda kwa kinachofuata miongoni mwa vilivyobaki, hadi viishe.

Kwenye kijiwe, tatizo lipo wazi: pikipiki zimebanana, kwa hiyo visanduku vya pikipiki mbili tofauti vinalaliana kihalali. Tuseme kila kisanduku kina upana wa 100 na kimo cha 160, vyote vimesimama kwenye mstari mmoja. Modeli imetoa vinne:

- A kinaanza 0, uhakika 0.92: pikipiki ya kwanza
- B kinaanza 12, uhakika 0.81: pikipiki ya kwanza tena
- C kinaanza 32, uhakika 0.74: pikipiki ya pili, iliyobanana na ya kwanza
- D kinaanza 150, uhakika 0.66: pikipiki ya tatu, iko peke yake

Vimo vikiwa sawa, IoU ni 100 toa umbali, gawa kwa 100 jumlisha umbali. A na B: 88 ÷ 112 = 0.79. A na C: 68 ÷ 132 = 0.52. B na C: 80 ÷ 120 = 0.67. D haigusi yeyote. Jaribu mwenyewe:

```python
import torch
from torchvision.ops import nms

b = torch.tensor([[0, 0, 100, 160], [12, 0, 112, 160],
                  [32, 0, 132, 160], [150, 0, 250, 160]],
                 dtype=torch.float)
s = torch.tensor([0.92, 0.81, 0.74, 0.66])
for t in (0.5, 0.7, 0.8):
    print(t, nms(b, s, t).tolist())
```

Majibu ni haya:

```
0.5 [0, 3]
0.7 [0, 2, 3]
0.8 [0, 1, 2, 3]
```

Kwa 0.5 pikipiki ya pili imemezwa, kwa sababu 0.52 imepita kizingiti kwa nywele. Kwa 0.7 zimetoka tatu, jibu sahihi. Kwa 0.8 nakala B imepenya na hesabu imekuwa nne.

Kanuni inayotoka hapo: kizingiti cha NMS lazima kikae juu ya mlaliano wa vitu viwili halisi vilivyobanana kuliko vyote, na chini ya mlaliano wa nakala za kitu kimoja. Mlaliano wa vitu halisi huna haja ya kuubahatisha, unao tayari kwenye lebo zako. Kwa kila picha, pima IoU kati ya lebo na lebo za aina moja, orodhesha zote, utazame zile za juu. Kama kwenye kijiwe chako karibu jozi zote ziko chini ya 0.55, basi 0.6 inatosha. Kama ni magari barabarani yaliyopigwa picha kutoka juu, ambapo hakuna gari linaloziba lingine, milaliano itakuwa karibu na sifuri na 0.45 itakufutia nakala bila kudhuru mtu.

Wakati mwingine hakuna kizingiti kinachofaa. Pikipiki mbili halisi zinalaliana kwa 0.75, na nakala za pikipiki moja zinalaliana kwa 0.70. Hapo ndipo Soft-NMS ya 2017 inaposaidia: haifuti, inapunguza tu alama ya uhakika kulingana na mlaliano. Kwa mfano wetu, ikitumika fomula ya `exp(-iou*iou/sigma)` na sigma ya 0.5, C inashuka kutoka 0.74 hadi 0.44. B inapunguzwa mara mbili, kwanza na A, kisha na C, ikiishia kama 0.10. Ukikata uhakika kwenye 0.25 unabaki na tatu. Angalia gharama yake, hata hivyo: C ilikuwa na uhakika wa 0.74 na sasa ina 0.44. Ukiweka Soft-NMS halafu ukaacha kikato chako cha zamani cha 0.5, utapoteza pikipiki ileile uliyotaka kuiokoa, ukidhani njia haifanyi kazi.

Kuna modeli zisizotumia NMS kabisa, kama DETR ya 2020 na YOLOv10 ya 2024, ambazo hufundishwa kutoa kisanduku kimoja kwa kila kitu tangu mwanzo. Ukibadilisha `iou` kwenye modeli ya namna hiyo na namba zisitikisike, usitafute hitilafu.

Pale vizingiti viwili vinapogombana

Hili ndilo linalowatesa watu zaidi. Rudi kwenye jedwali la visanduku vitano ufute kisanduku cha 5, ile nakala yenye uhakika wa 0.40. AP50 inabaki 0.6875, haijasogea hata kidogo. Nakala iliyo chini ya majibu yote ya kweli haipunguzi AP, kwa sababu eneo lilishahesabiwa kabla haijafikiwa. Lakini hesabu ya pikipiki kijiweni imepungua kwa moja.

Sasa fanya kinyume: ipe nakala hiyohiyo uhakika wa 0.90, iingie nafasi ya pili. Mpangilio unakuwa kweli, kosa, kweli, kosa, kweli. Usahihi uliosawazishwa ni 1.0 hadi upatikanaji wa 0.25, kisha 0.67 hadi 0.50, kisha 0.60 hadi 0.75. AP50 inashuka hadi 0.57.

Maana yake ni kwamba mAP huadhibu nakala zenye uhakika mkubwa na kuzisamehe zenye uhakika mdogo, wakati anayehesabu huumizwa na zote zilizopita kikato chake. Ndiyo sababu kizingiti cha NMS kilicholegea, kama 0.7, mara nyingi hukupa mAP nzuri (kinaokoa vitu vilivyobanana) halafu kazini kinakupa hesabu iliyovimba. Usichukue thamani ya `iou` iliyokupa mAP kubwa ukaipeleka kazini hivihivi. Pima upya kwa kosa la hesabu yenyewe: idadi ya modeli toa idadi ya lebo, picha kwa picha. Na usijumlishe picha zote pamoja kabla ya kutoa, maana picha iliyozidisha tatu na iliyopunguza tatu zitafutana na utapata sifuri ya uongo.

Alama ya uhakika nayo inataka kukatwa sehemu mbili tofauti. Wakati wa kupima mAP, kikato kiwe karibu na sifuri; kwenye Ultralytics, `val` huanzia 0.001 ilhali `predict` huanzia 0.25. Tofauti hiyo ni ya makusudi. Ukikata mapema unakata mkia wa mstari: kwenye mfano wetu, kikato cha 0.7 kinaacha visanduku vitatu tu vya kwanza, na AP50 inaanguka kutoka 0.69 hadi 0.50 bila modeli kuwa na kosa lolote jipya. Kazini, kinyume chake, 0.001 itakujazia picha visanduku kama kwato za mbuzi mchangani.

Namba zikitoka za ajabu

mAP ikitoka karibu na sifuri wakati visanduku vinaonekana vizuri kwenye picha, shuku namna ya kuandika visanduku kabla ya kushuku modeli. Faili za COCO huandika kona ya juu kushoto, kisha upana na kimo. `torchvision` inataka kona mbili. YOLO huandika katikati ya kisanduku, upana na kimo, vyote vikiwa sehemu ya 1. Kisanduku chetu cha (100, 100) hadi (200, 200) ni `[100, 100, 100, 100]` kwa COCO. Ukikisoma kama kona mbili kina upana wa sifuri na IoU yake na chochote ni sifuri. Chora visanduku vya lebo na vya modeli kwenye picha moja, kutoka kwenye faili zilezile unazozipeleka kwenye kipimo. Kosa linaonekana ndani ya dakika moja.

mAP50 ikiwa nzuri na AP75 ikaporomoka, kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni lebo zilizolegea, ambayo tumeiona. Ya pili ni picha iliyopunguzwa ukubwa na kuongezewa pembe za kijivu ili iwe mraba, halafu visanduku vikarudishwa kwenye picha asili bila kutoa zile pembe. Vyote vinasogea upande mmoja kwa kiasi kilekile. Kama kila kisanduku kimeshuka chini, au kimesogea kulia, kwa pikseli zilezile, umeshampata mkosaji.

Aina moja ikimeza nyingine, kwa mfano bajaji inatoweka kila inapoegeshwa nyuma ya bodaboda, NMS inaendeshwa kwa aina zote kwa pamoja. Kwenye `torchvision` tumia `batched_nms`, ambayo hutenganisha aina. Lakini kama tatizo ni kitu kimoja kuitwa bodaboda na baiskeli kwa wakati mmoja, unataka kinyume chake, na kwa Ultralytics hiyo ni `agnostic_nms=True`. Chagua baada ya kutazama picha zako zilizokosewa.

Na `pycocotools` ikikuandikia -1.000 kwenye mstari wa vitu vidogo, hiyo si alama mbaya. Hakuna lebo hata moja ya ukubwa huo kwenye seti yako ya majaribio. Kama kazini pikipiki za mbali zipo, rudi ukaongeze picha zake kwenye seti, kwa sababu namba zote ulizonazo hadi sasa hazijawahi kuziona.